Kwa Nini Tunakuomba Wimbo Kabla ya Kuanza Kuchezesha Maandishi

Wateja wengi hutuambia: "Tengenezeni tangazo la sekunde 30, maneno yaruke na kucheza, muziki tutawaletea mwishoni." Hapo huwa tunawaomba watangulize muziki, kwa sababu katika kazi ya namna hii wimbo ndio rula tunayopimia kila kitu.

Chukua tangazo la chupa ya maji inayotunza ubaridi. Wimbo uliochaguliwa unakwenda mapigo 128 kwa dakika, kwa hiyo sekunde 30 zinabeba mapigo 64 kamili, yaani vifungu 16 vya mapigo manne manne. Ngoma na besi zinaingia kwa kishindo mwanzoni mwa kifungu cha 9, sekunde ya 15 barabara. Hapo ndipo chupa itakapojitokeza na jina lake kujaa skrini. Sehemu nyingine zote tunazipanga kwa kuhesabu kutoka hapo, mbele na nyuma.

Video yetu ina fremu 30 kwa sekunde, yaani picha tuli 30 zinazofuatana, hivyo kishindo kiko kwenye fremu ya 450. Wengi hudhani jina lianze kusogea fremu hiyohiyo. Likianza hapo na safari yake ikawa ya fremu 8, litafika zaidi ya nusu ya pigo baadaye, na mtazamaji atahisi maandishi yanaikimbiza ngoma. Jicho huhesabu pale kitu kinapogonga, si pale kinapoondoka. Kwa hiyo jina linaondoka fremu ya 442 na kugonga fremu ya 450.

Namna linavyokwenda nayo ina uzito. Mwendo unaopungua taratibu hadi kusimama ni mzuri kwa sentensi tulivu, lakini kwenye kishindo hauna nguvu, maana sehemu kubwa ya safari inakwisha mapema na mwisho wake hauonekani. Kwa kishindo tunatumia mwendo unaoanza polepole, unaoongeza kasi hadi kugonga, kisha neno linadunda kidogo na kutulia. Na katika nusu ya mwisho ya kifungu cha 8 tunaiacha skrini tupu kabisa. Wateja huiogopa nafasi hiyo, wakiona ni sekunde iliyopotea bure. Sisi tunaitetea kila mara.

Kosa moja hujificha vizuri. Kwa wimbo huu, pigo moja ni fremu 14.0625. Fundi akiamua kuingiza neno jipya kila baada ya fremu 14, mwanzo utaonekana safi kabisa, ila kufikia pigo la 64 maandishi yatakuwa yametangulia ngoma kwa fremu 4. Tangazo linaloanza limekazwa na kuishia limelegea mara nyingi lina ugonjwa huu. Dawa yake ni kupima kila pigo kuanzia sifuri, ndipo ukadirie fremu iliyo karibu.

Pia si lazima kila pigo lipate neno jipya. Pigo hapa halifiki nusu sekunde: "Baridi" linatosha humo, lakini "haimwagiki" linahitaji mapigo mawili. Sentensi "Inatunza ubaridi siku nzima" inaingia neno kwa neno katika kifungu kimoja, kisha inabaki skrini kifungu kizima kingine ili mtu aisome. Wakati huo mdundo unaweza kubebwa na rangi ya nyuma au matone ya maji.

Sasa tuseme kazi imeshakwisha, na mteja anataka wimbo mwingine wa mapigo 100 kwa dakika. Pigo linakuwa sekunde 0.6, na ule mwanzo wa kifungu cha 9 unahamia sekunde ya 19.2. Vifungu 16 vinafika sekunde 38.4, navyo havitoshei. Itabidi tubaki na 12, vyenye sekunde 28.8, tufute baadhi ya sentensi na kupanga upya kila mahali neno linapogonga. Ndiyo maana kubadilisha wimbo mwishoni tunakulipisha kama kazi mpya.

Ukitutumia wimbo, tuma faili la WAV. MP3 mara nyingi hubeba ukimya mfupi mwanzoni, na tukibadilisha faili katikati ya kazi kila kitu kinaweza kusogea kwa fremu moja hivi. Na kabla hujatuandikia kwamba maandishi yanatangulia muziki, itazame video tena kwa spika ya simu au ya kompyuta yenyewe. Spika za masikioni zisizo na waya zinaweza kuchelewesha sauti kwa fremu kadhaa. Kasoro ikiwa bado ipo, tuandikie ni sekunde ya ngapi na ni neno gani.