Kwa wanandoa vijana wa chama chetu: hiyo "mbona" iwekeni kando

Wanangu,

Jumapili iliyopita, kikao kilipokwisha, dada mmoja wenu alibaki nyuma akiosha vikombe. Vikombe vyenyewe vilikuwa vitano tu, lakini alivisuuza mpaka nikajua ana neno. Amenikubalia niwaandikie habari yake mradi nisimtaje, na nyinyi msianze kumtafuta.

Ijumaa jioni mumewe alikuwa anaoga. Simu imelala mezani, ujumbe wa M-Pesa ukaingia: shilingi 4,000 zimeenda kwa mdogo wake kule Siaya. Shule zinafunguliwa baada ya siku kumi, karo ya mtoto haijalipwa. Mume alipotoka bafuni, taulo kiunoni, akapokewa hivi: "Mbona unatuma pesa kwenu bila kuniambia? Wewe kila siku ni watu wenu tu. Watoto wako huwajali."

Naye akajibu: "Kwani ni pesa zako? Ulipompelekea mamako gunia la mahindi uliniuliza?" Akavaa, akaenda kutazama mpira, akarudi usiku wa manane. Karo haikutajwa tena na yeyote.

Sasa hebu tuzitazame sentensi zile tatu za mke, maana mwalimu akistaafu haachi kusahihisha. Sentensi ya kwanza ina jambo la haki ndani yake, ila imetanguliwa na "mbona". Katika vinywa vyetu "mbona" mara nyingi haiulizi, imeshahukumu. Ya pili ina "kila siku", na papo hapo mume anaanza kutafuta kichwani siku moja ambayo haikuwa hivyo. Ya tatu haizungumzii pesa hata kidogo. Inamwambia kuwa yeye ni baba wa aina gani. Lalamiko ni juu ya tendo, na tendo linarekebishika. Ukigusa utu wa mtu, hana la kufanya ila kujikinga, na ngao iliyokuwa karibu siku hiyo ilikuwa lile gunia la mahindi.

Nilipokuwa nasomea ushauri nasaha baada ya kustaafu, tulifundishwa kazi ya John Gottman na Sybil Carrère wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mwaka 1999 walichapisha utafiti wa wanandoa wapya 124 waliorekodiwa wakizungumzia jambo wanalogombania kwa dakika 15. Walipowafuatilia kwa miaka sita, waliona kwamba dakika tatu za kwanza za mazungumzo yale zilitosha kuonyesha tofauti kati ya ndoa zilizovunjika na zilizodumu. Kwa hiyo anachofundisha Gottman ni kuanza kwa upole: sema unavyojisikia, sema ni juu ya jambo gani, kisha sema unachohitaji.

Kusema ni rahisi. Tulikaa na dada yenu, vikombe tukaviacha, tukaitengeneza sentensi yake upya. Jaribio la kwanza likawa: "Nahisi unawapenda watu wenu kuliko sisi." Nikamwambia hapana mwanangu, umeficha jiwe ndani ya ugali. Neno "nahisi" limetangulia, lakini kilichofuata ni "u-", yaani yeye tena. Ukitaka kujipima, sikiliza kinachokuja baada ya "nahisi". Hisia ni zako wewe: nina wasiwasi, nimeumia, naogopa, nimechoka.

Akajaribu tena: "Nina wasiwasi na karo kwa sababu wewe..." Nikamwambia aishie kwenye karo. Hatimaye tukapata hii:

"Baba watoto, nina wasiwasi na karo. Ijumaa niliona ujumbe kwamba shilingi 4,000 zimetumwa Siaya, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Naomba leo watoto wakilala tukae tuhesabu tuliyo nayo, tuone iliyobaki tutaitoa wapi."

Angalieni Kiswahili chetu kinavyotusaidia. "Zimetumwa" inataja tukio bila kumnyoshea mtu kidole. "Niliona" ni siku moja, jambo moja, tofauti na ile "huwa unatuma" inayofukua miaka yote. Na ombi la mwisho ni la kitu anachoweza kukifanya leo usiku. "Uache kutuma pesa ovyo" si ombi, maana hata akikubali haujui amekubali nini. Lile la kumwarifu kabla ya kutuma nilimwambia alihifadhi. Lalamiko moja kwa kikao kimoja.

Upole si kuzunguka, nawaonya. Sisi ni watu wa mafumbo, tuna hata kanga za kutusemea. Mke anapika omena akisema na sufuria, "Wengine wana bahati, watoto wao wamelipiwa." Mume anasikia kuwa amepigwa ila hajui anachoombwa, basi ananuna. Sema jambo lenyewe, na utaje kiasi.

Nanyi waume msicheke. Mke anarudi kutoka Kibuye saa mbili usiku, beseni kichwani, nawe unamwambia mbele ya watoto, "Karibu madam, leo umekumbuka una nyumba!" Unajiambia ni utani, lakini ni kejeli, na kejeli ni mbaya kuliko lawama. Mwache atue beseni, ale, kisha umwambie: "Niliogopa leo ulipochelewa na simu haipatikani. Naomba siku ukiona giza linakukuta sokoni unitumie ujumbe kabla chaji haijaisha."

Pengine utaanza vizuri na moyo ukaanza kudunda, masikio yakawaka moto. Hapo huwezi tena kusikia, hata ukijilazimisha. Omba mpumzike, dakika 20 angalau, na useme saa ya kurudi. Anayetoka bila kusema saa ya kurudi amekimbia, na mwenzake atakuwa mlangoni akimsubiri na maneno mapya.

Kuna nyumba ambazo barua hii haizihusu. Mwenye kupigwa, au anayeogopa kupigwa akifungua mdomo, asikae kutafuta sentensi laini. Huyo ananihitaji mimi na watu wengine, na aje hata usiku.

Dada yenu alisema maneno yake Jumanne, watoto wakiwa wamelala. Msidhani mume alilainika papo hapo. La kwanza alisema, "Kwa hiyo siku hizi unapekua simu yangu?" Hapo ndipo wengi tunapopotea, tunaanza kesi ya simu. Yeye akajibu, "Ilikuwa mezani, ujumbe ukaingia, nikausoma. Hilo nalo tutalizungumza. Kwa sasa nina wasiwasi na karo." Akanyamaza. Ananiambia kunyamaza ndiko kulikomshinda karibu aharibu kila kitu.

Mume akakaa kimya kidogo, kisha akasema mtoto wa mdogo wake alikuwa amelazwa na yeye aliona haya kuleta habari ya pesa nyumbani mwezi mbaya kama huu. Akachukua daftari la mtoto, ukurasa wa nyuma. Karo ni 6,500, waliyo nayo ni 2,300. Wamepatana wapeleke 2,000 Jumatatu, na mume mwenyewe aende kumwona mwalimu mkuu aombe wiki mbili. Habari ya simu bado hawajaizungumza, wamesema ni Jumamosi.

Mama yenu mlezi,
Kisumu