Ziwa la usiku huanza kupunguzwa mchana

Wanangu wa chama cha Jumapili, Nyalenda,

Juzi mvua iligonga mabati mpaka hatukusikizana, na jibu langu likakatika katikati. Naliandika hapa lote, maana swali la yule mwenzenu wa mitumba pale Kibuye si lake peke yake. Mtoto ana miezi 13, ananyonya usiku kucha, mama anasinzia juu ya nguo zake. Anataka usiku upungue, lakini hataki ziwa likauke. Mmoja wenu akasema apake shubiri. Mwingine akasema mtoto apelekwe kwa dani yake ushago wiki mbili, asahau.

Hilo la ushago nililifanya mimi mwenyewe kwa mtoto wangu wa pili, nikiwa tayari mkunga niliyepaswa kujua. Siku ya tatu matiti yalikuwa mawe. Siku ya tano nilikuwa na homa, na titi la kushoto lina kipande chekundu, cha moto, kisichoguswa. Mtoto aliporudi alivuta kidogo, akaliacha ziwa moja kwa moja. Sikutaka aache, nilitaka nilale tu.

Ziwa hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa. Likikaa limejaa kwa saa nyingi, hupunguza kazi lenyewe, na likizidi kukaa hivyo siku baada ya siku, huchukulia kwamba maziwa hayatakiwi tena. Ni kweli homoni ya maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku. Hata hivyo kinachotunza ziwa la mtoto mkubwa hasa ni jumla ya mara linazotolewa usiku na mchana. Ukiondoa usiku bila kujaza mchana, umeondoa tu.

Ndiyo maana nilimuuliza mwenzenu kuhusu mchana, naye akashangaa. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa moja jioni. Katikati mtoto hanyonyi hata mara moja. Usiku ananyonya mara 5: saa tatu akilala, saa sita, saa nane, saa kumi, na saa kumi na moja u nusu mama akijiandaa kutoka. Mtoto huyo hana tabia mbaya. Amegeuza usiku kuwa mchana kwa sababu mama yake hupatikana usiku.

Basi wiki ya kwanza, usiku usiguswe. Rudisha mchana kwanza. Kama yaya anaweza kumleta mtoto kibandani saa saba, hakuna kinachoshinda hilo. Asipoweza, nawa mikono, kamua kwa mkono kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Kwa joto letu la Kisumu maziwa hayo yasikae nje zaidi ya saa 4. Mkitaka yafike jioni, yawekwe kwenye kikasha chenye barafu ya kutosha, na wauza samaki wako karibu nanyi kwa jambo hilo. Mlio kwenye ajira, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na mahali pa kunyonyeshea na kukamulia. Ulizeni.

Jioni ukifika, nyonyesha kabla ya kuwasha jiko. Sufuria itangoja. Kisha mtoto ale chakula kizito, si uji mwepesi unaopita kama maji: ugali laini na omena iliyosagwa, ndengu, yai, avokado. Nyonyesha tena akilala saa tatu. Ukiona mchana na jioni ametulia na kunyonya vizuri mara 3 au 4, ndipo usiku unaweza kuanza kupungua.

Chagua ziwa moja tu la usiku, yaani mara moja ya kunyonya. Kwa mwenzenu ni la saa nane, kwa sababu lile la saa sita na la saa kumi yanalishika pande zote mbili, na titi halitajaa kupita kiasi. Tazama saa ya simu: ananyonya dakika ngapi? Tuseme 10. Usiku wa kwanza na wa pili mpe dakika 8. Wa tatu na wa nne, 6. Wa tano na wa sita, 4. Wa saba usimpe, mbembeleze. Kumtoa, usimvute, ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo, mvuto ukatike, halafu mlaze kifuani kwako umpigepige mgongoni. Akilia kwa hasira kidogo, endelea na wimbo uleule wa kila usiku. Akilia kilio cha kweli, mpe ziwa na ujaribu tena baada ya siku chache. Hakuna anayewahesabia siku.

Baba anasaidia sana hapa, kwa sababu hanuki maziwa. (Najua wengine watasema analala kama gogo. Mwamsheni.) Abebe mtoto, ampe funda la maji kwenye kikombe, amrudishe ndani ya neti. Chupa ya maziwa ya ng'ombe usiku siitaki: inachukua nafasi ya ziwa, na maziwa yanayobaki mdomoni yanaharibu meno.

Saa nane likishatoka, pumzikeni siku 4 au 5 kabla ya kugusa la saa sita. La saa kumi ndilo la mwisho, na likiwashinda liachwe lilivyo. La alfajiri na la saa tatu usiyaguse kabisa, hayo ndiyo yanayoshikilia ziwa lako.

Titi likijaa usiku, kamua kiasi cha kulegeza tu, usilimalize, kisha weka kitambaa cha baridi. Ukilimaliza unaliambia liendelee kutengeneza saa hiyohiyo. Ukiona wekundu, maumivu na homa, nenda kliniki siku hiyohiyo, na uendelee kunyonyesha upande huo, mtoto hadhuriki.

Matiti kuwa laini baada ya wiki mbili tatu si dalili ya kukauka, wengi hudanganyika hapo. Dalili ni mtoto kuvuta na kuachia kwa hasira hata mchana, kukojoa kidogo, na mstari wa uzito kulala kwenye kijitabu cha kliniki. Ukiona hayo, rudisha ziwa moja la usiku na ongeza la mchana.

Aliye na mtoto wa chini ya miezi 6 asijaribu haya. Huyo bado anahitaji usiku. Wa miezi 6 mpaka mwaka, muulize muuguzi kwanza, hasa kama uzito unasuasua. Na mtoto akiwa na homa, akiharisha au akiota meno, simameni mpaka apone.

Jambo moja la pembeni ambalo mama wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Usiku ukipungua, hedhi huweza kurudi, na mimba huweza kutangulia hata hiyo hedhi. Baada ya miezi 6 kunyonyesha si kinga ya kutegemea. Ukienda kupanga uzazi, mwambie muuguzi kwamba unanyonyesha, kwa sababu vidonge vyenye estrojeni vinaweza kupunguza maziwa, na kuna njia nyingine zisizo nayo. Vivyo hivyo dukani ukinunua dawa ya mafua: zenye sudoefedrini hupunguza maziwa.

Wewe wa mitumba, wiki hii ziwa la saa nane mpe kama kawaida. Jumapili uniambie tu mchana amenyonya mara ngapi.

Dani yenu