Mheshimiwa Waziri, ghala hili lisiwekewe sakafu ya pili

Kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia mipango ya mji,
Kisumu.

Mheshimiwa,

Mbele yako kuna ombi la kubadilisha matumizi ya ghala moja tupu karibu na reli, ligeuzwe karakana za maseremala, mafundi cherehani, wachoraji na wachomeleaji. Ombi lenyewe ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni mchoro ulioambatana nalo, ambao unalikata ghala katikati kwa sakafu ya zege ili nafasi ya kukodisha iwe maradufu.

Ghala hilo lina upana wa mita 18 na kuta za mita 6, nalo limelala mashariki kwa magharibi. Madirisha yake yote yako juu, chini tu ya paa, ukingo wao wa juu ukiwa mita 5.5 kutoka sakafuni. Mwanga wa dirisha huingia ndani vizuri kwa umbali wa takriban mara mbili ya kimo hicho. Kwa hiyo kila upande unaangaza mita 11 hivi, na pande mbili zinakutana katikati na kupitana. Ndiyo maana leo ukisimama katikati ya ghala hilo unaweza kusoma mistari ya futikamba bila kuwasha taa.

Sasa weka sakafu kwenye mita 3. Madirisha yanabaki juu, na ukingo wake sasa uko mita 2.5 tu kutoka sakafu mpya. Mwanga unafika mita 5 kila upande, na mita 8 za katikati zinabaki gizani. Chini ni vivyo hivyo, hata ukitoboa ukuta na kuweka madirisha mapya ya kimo kile kile. Mwenye ghala atapata sakafu mbili, lakini fundi wa katikati atalipia stima ya taa kutwa nzima, jua likiwa limewaka nje.

Kuna jambo la uzito pia. Kenchi za paa la mabati zilibuniwa kubeba mabati, upepo na fundi anayepanda kuziba tundu. Sakafu ya karakana huhesabiwa kwa kilo 500 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo haiwezi kuning'inizwa kwenye kenchi hata kidogo. Ikibidi kuwe na roshani ndogo ya kuhifadhi mbao, isimame kwenye nguzo zake yenyewe, zenye msingi wake. Na kile chuma kilicholala chini ya kenchi kisikatwe kwa sababu tu kinasumbua kichwa cha mtu: ndicho kinachozuia kuta zisisukumwe nje. Kabla ya lolote, fundi avute uzi kwenye kila kenchi aone kama imelegea, kisha agonge kitako cha kila nguzo kwa nyundo. Kutu ya nguzo huanzia pale chini, maji yanapotuama.

Wengine watakushauri mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga yapachikwe juu ya paa. Kisumu iko kusini ya ikweta kidogo tu. Machi na Septemba jua la mchana liko utosini, na mabati hayo yatalimwaga lote juu ya meza pamoja na joto lake. Dirisha la wima ukutani ni tofauti. Juni jua liko kaskazini, Desemba liko kusini, lakini nyakati zote mbili linabaki juu sana. Upenu unaochomoza sentimita 60 kwa kila mita moja ya kioo hulizuia kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, mwaka mzima, na mwanga mtulivu wa anga unaendelea kuingia. Ukuta wa magharibi ndio usifunguliwe. Jua la jioni huja chini, na upenu hauliwezi.

Karakana zitenganishwe kwa kuta za mita 2.4, zikielekea kaskazini kwa kusini ili zisikate mwanga, na juu yake pabaki wazi. Najua kasoro ya mpango huu: vumbi na kelele zitapita juu. Cheche zikipita zikaangukia maranda ya mbao, ni hatari kubwa. Wachomeleaji basi wapewe ncha ya mashariki, nyuma ya ukuta wa matofali unaofika hadi kwenye mabati. Wana madirisha yao huko, hawatampunguzia mtu mwanga.

Mheshimiwa, naomba usilikatae ombi. Mrudishie mwenye ghala mchoro, aufute ule mstari wa zege, aongeze upenu wa kaskazini na kusini, na aambatanishe ripoti ya mhandisi kuhusu kenchi na nguzo. Akifanya hivyo, tafadhali tia sahihi.

Wako mtiifu,
Seremala na mchoraji ramani, Kisumu