Mzigo mpya wa vitenge na khanga umefika: bei na namna ya kuagiza

Wateja wetu, habari za leo. Mzigo umefunguliwa, na nyinyi mliowahi kununua kwetu mnapata taarifa kwanza.

Vitenge vya waksi, pamba tupu, kipande cha yadi 6, ni shilingi 28,000. Vya mchanganyiko wa poliesta ni 16,000. Havikunjamani sana, ila kwenye joto vinachosha mwili. Ukitaka kuhakikisha ulichopokea, chomoa uzi mmoja pembeni uuchome: pamba huacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda kama shanga. Khanga ni 12,000 kwa doti. Hatuuzi upande mmoja.

Kila picha tuliyokutumia ina namba pembeni, kwa mfano V3. Agiza kwa namba hiyo, usiandike "kile cha bluu", maana V3 na V7 ni ua lile lile kwa rangi tofauti, na simu nazo hubadilisha rangi. Ukiwa na wasiwasi, omba picha iliyopigwa nje, juani.

Kuagiza, jibu ujumbe huu kwa kuandika namba ya kitambaa, idadi, jina lako na mahali pa kupelekewa. Mfano: "V3 vipande 2, K5 doti 1, Asha, stendi kuu." Tutakujibu kama vipo, pamoja na jumla. Kwa oda hiyo ni 56,000 na 12,000, ukiongeza 5,000 ya kutuma, yaani 73,000. Usilipe kabla ya jibu hilo, kwa sababu kitambaa kinaweza kuwa kimechukuliwa dakika chache kabla yako. Ukipata jibu, lipa kwa namba ile ile uliyolipia zamani na uhakikishe jina la duka linatokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina jingine, acha, kisha tupigie. Tunakuwekea mzigo kwa saa 24. Zikipita bila malipo, unarudi kuuzwa.

Wenye sare za harusi au vikundi, hili ni lenu hasa. Hesabuni watu wote kwanza, kisha mwagize kwa pamoja. Ua likirudi kwenye mzigo mwingine, rangi huwa imekolea zaidi au imepauka kidogo. Dukani huwezi kuona, lakini watu wakisimama bega kwa bega kwenye picha, inaonekana wazi. Kipande kimoja hutosha mashati mawili ya mikono mifupi kwa watu wa umbo la kawaida. Kwa magauni, mwulize fundi kwanza, kwa sababu mshono wa marinda hula kitambaa kuliko ulionyooka. Ongezeni kipande kimoja cha akiba, kwani fundi akikosea kukata, mnaweza msipate tena rangi ile ile.

Kitambaa chenye kasoro tunakibadilisha ndani ya siku 3, kikiwa hakijafuliwa wala kukatwa. Kwa hiyo kikunjue chote ukikague kabla hakijafika kwa fundi.