Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kabla hatujaandika orodha ya kusubiri ini

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Igoma, Mwanza. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimaliza kwenye wodi ya wanaume. Humo nimewahudumia wavuvi wa Ukerewe na Kome, wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni na walimu wa Magu, wote wakija na macho ya manjano na tumbo lililojaa maji. Kupandikiza figo kulianza Muhimbili mwaka 2017, na mwaka uliofuata kukaanza Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Naamini zamu ya ini itafika. Siku hiyo itabidi pawe na kanuni za nani atangulie, na ndizo zilizonifanya niandike mapema.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1984. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo yeye na rika lake lote hawakuipata. Kirusi alikuwa nacho, huenda tangu utotoni, na hakujua. Alivua sangara kwa miaka mingi, na kambini gongo ilikuwa blanketi la usiku. Alipoanza kuvimba miguu aliacha kunywa, mwezi Mei, bila kusukumwa na mtu. Julai akalazwa.

Vipimo vyake nilivishika mwenyewe: bilirubini 171, kreatinini 141, INR 2.2. Kwa asiye wa kazi hii nieleze kidogo. Bilirubini ni ile rangi ya manjano ambayo ini limeshindwa kuiondoa. INR huonyesha damu inavyochelewa kuganda, kwa kuwa ini halitengenezi tena vigandishi vya kutosha. Kreatinini huonyesha hali ya figo, ambazo huanza kuchoka ini likishazidiwa. Vipimo hivi vitatu vikiingizwa kwenye kanuni inayoitwa MELD, hutoka namba kati ya 6 na 40. Marekani walianza kuitumia kupanga orodha yao ya ini mwaka 2002, na baadaye wakaongeza sodiamu na vipimo vingine. Kabla ya hapo muda wa kukaa kwenye foleni ulikuwa na uzito mkubwa, hata mtu aliyewahi kuandikishwa aweze kumtangulia anayekufa.

Namba ya mdogo wangu ilikuwa 28. Wagonjwa waliolazwa wakiwa na namba kati ya 20 na 29, karibu mmoja kati ya watano hafikishi miezi mitatu. Namba hii haiulizi mgonjwa alikunywa nini, anasali wapi wala baba yake ni nani. Inauliza jambo moja tu: amebakiwa na muda gani?

Dada yetu mdogo alijitolea. Ini lina sifa ambayo figo haina: hukua tena. Mtu mzima akimpa mtu mzima mwenzake, kwa kawaida hukatwa upande wa kulia, kama asilimia 60 ya ini, na mtoaji abaki na angalau asilimia 30 ya kumwendesha wakati linakua. Kipande kinachotolewa hakitakiwi kupungua sana chini ya asilimia 0.8 ya uzito wa anayepokea. Mdogo wangu alikuwa na kilo 70 kwenye mizani, lakini nane kati ya hizo tulikadiria ni maji ya tumbo. Kilo 62 zilizobaki zinahitaji kipande cha karibu gramu 500. Makundi ya damu yalioana. Tukaiandikia hospitali moja ya nje ya nchi.

Jibu lilikuja na masharti mawili. Kwanza, mgonjwa athibitishe miezi sita bila pombe. Pili, dola 30,000 ziwekwe kabla ya kupangiwa tarehe.

Mheshimiwa, niliisoma barua ile mara nyingi, nikijaribu kuwatendea haki walioiandika. Sharti la miezi sita lina sababu moja ya kitabibu ambayo ni ya kweli. Kuna maini yaliyoumizwa na pombe ambayo hupata nafuu yakipumzishwa, na ukisubiri kidogo unaweza kukuta mgonjwa hahitaji tena kupasuliwa. Nimewaona wa namna hiyo, wametoka wodini kwa miguu yao. Lakini nafuu hiyo kwa kawaida huanza kuonekana ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na wenye namba kama 28 wengi hawana miezi sita ya kuisubiri. Sababu ya pili inayotolewa ni kwamba miezi sita hutabiri nani hatarudia pombe. Hiyo ni dhaifu. Kalenda haikuambii mtu anaishi na nani, anafanya kazi wapi, ameshajaribu kuacha mara ngapi, wala kama anakubali kwamba pombe ndiyo iliyomfikisha hapo.

Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walichapisha matokeo ya wagonjwa 26 wenye ini lililowaka kwa pombe, ambao dawa zilishindwa kuwasaidia. Walipandikizwa bila kungojeshwa miezi sita. Baada ya miezi sita walikuwa hai asilimia 77, na wagonjwa wa aina hiyo hiyo ambao hawakupandikizwa walibaki asilimia 23. Watatu kati ya wale 26 walirudia kunywa. Sitaki kuficha kwamba walichaguliwa kwa uangalifu mkubwa: ugonjwa ule ulikuwa umewapata kwa mara ya kwanza, walikuwa na ndugu wa karibu wa kuwasimamia, na timu nzima ilipaswa kukubaliana. Hicho ndicho ninachokiomba. Mtu achunguzwe na watu, wakiwemo daktari wa akili na afisa ustawi wa jamii, wala asihukumiwe na tarehe.

Kuna jambo lingine ambalo wenye kusema "walevi wasipewe" hulisahau. Hoja yao ina uzito pale ini linapotoka kwa marehemu na kuingia kwenye orodha ya wote, kwa sababu nikimpa huyu nimemnyima yule. Dada yetu hakuwa akitoa ini la taifa. Lilikuwa lake, na alikuwa akimpa kaka yake. Hakuna mtu Mwanza wala Mumbai ambaye angerukwa kwa sababu yake. Swali halali lililobaki lilikuwa hatari kwake yeye, kwani hata watoaji wenye afya njema hufa, wachache sana lakini wapo. Hilo ndilo angepaswa kuulizwa kwa kirefu, peke yake, bila sisi ndugu kumzunguka.

Na hata tukilichukua ini la marehemu, mtapimaje kosa? Ini la mdogo wangu lilikuwa na kirusi alichoambukizwa bila kujua na pombe aliyoinywa kwa hiari. Makovu hayana majina. Ukanda wetu huu umejaa maini ya mchanganyiko: homa ya ini B, pombe, na kichocho kinachoziba mishipa ya ini mpaka mtu atapike damu ndoo nzima. (Huyu wa kichocho, kwa njia, ini lake huwa bado linafanya kazi, na namba yake inaweza kuwa 8 tu. Anachohitaji kwanza ni kufungwa mishipa iliyovimba kooni kwa kutumia endoskopi, na dawa. Naomba mafundi na mashine hizo ziongezwe Kanda ya Ziwa bila kungoja upandikizaji.) Siku hizi kuna pia ini la mafuta, linaloambatana na unene na kisukari. Sijasikia mgonjwa huyo akiambiwa aoneshe miezi sita bila soda na chipsi. Tukianza kupima tabia, tutapima zile tusizozipenda tu.

Sasa fedha. Kwenye kitanda cha jirani alilala bwana mmoja asiyekunywa, namba yake 19. Mwajiri wake aligharamia, mwanawe akatoa kipande, wakaenda India na wakarudi salama. Nilifurahi kutoka moyoni na ninafurahi hadi leo, maana hakumnyang'anya mdogo wangu kitu. Lakini ukivitazama vile vitanda viwili utaona kwamba sisi hatuna orodha ya kusubiri ini. Aliyetangulia ni mwenye uwezo, na aliyezidiwa zaidi alibaki.

Hata penye orodha safi fedha hupata pa kupenyea. Steve Jobs, tajiri aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, aliishi California, na mwaka 2009 alipandikizwa ini Memphis, Tennessee. Hospitali ilieleza kwamba wakati huo yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi kwenye orodha yao kwa kundi lake la damu. Hakuvunja sheria yoyote. Ila kule mtu anaruhusiwa kujiandikisha kwenye zaidi ya kituo kimoja, na ini likipatikana zinabaki saa chache, hivyo anayefaidi ruhusa hiyo ni mwenye ndege ya kumfikisha. Huko huko hospitali hukagua bima kabla ya kumwandika mtu, na asiyekuwa nayo haonekani hata kwenye hesabu za waliofia foleni.

Najua watakaokuandikia kanuni watasema fedha ni suala la kitabibu pia, na kwa sehemu wana haki. Ini la mtu mwingine linahitaji dawa kama takrolimasi kila siku ya maisha, na vipimo vya kuangalia kiwango chake kwenye damu. Akizikosa, mwili hulikataa, na mgonjwa hujua ameshachelewa macho yakirudi kuwa ya manjano. Ini limepotea na mtoaji amepasuliwa bure. Kwa hiyo siombi mfumbie macho gharama. Naomba dawa hizo na vipimo vyake viingizwe kwenye Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, kabla mgonjwa wa kwanza hajapasuliwa. Naomba pia wanaopanga nafasi ya mgonjwa wasioneshwe karatasi ya malipo yake. Ofisi ya fedha ifanye kazi yake baadaye, na jibu lake lisimshushe mtu kwenye orodha.

Mdogo wangu alifariki Septemba. Maji ya tumboni yalipata maambukizi, figo zikafuata, na namba ikapanda mpaka 37. Alikuwa amefikisha miezi minne bila tone la pombe. Dola tulikuwa tumepata 6,400, baada ya kuuza mtumbwi mmoja na injini mbili.

Dada yetu bado ana majibu yake yote kwenye bahasha ya kaki: kundi la damu, picha ya ini, na ukurasa wa daktari unaosema anafaa kutoa. Kama wataalamu wako watapenda kuona mgonjwa wa kawaida wa Kanda ya Ziwa anavyofika kwenye swali hili, tutawaletea nakala tukiitwa.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Igoma, Mwanza