Barua kwa mwanangu: Yule si mzee tu

Malindi, Jumapili

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Mama yako hajambo, mbuzi amezaa, na bati la jikoni nimeshaliziba.

Siku uliyoondoka kurudi Nairobi ulipita barazani ukamkuta mwalimu wa chuoni amekaa na kahawa yake. Ukamwambia, "Mzee, vipi?" Akakujibu "Njema," akageuza uso akaendelea kunywa. Hukuona kitu, ulikuwa unakimbilia basi. Mimi nilikuwa mlangoni na begi lako, na niliona kikombe kilivyotua chini.

Najua huko bara mzee ni heshima. Rais Kenyatta wa kwanza alikuwa Mzee, na nchi nzima ikajua nani. Neno lenyewe halina ugeni, ni letu la asili, ndugu yake ni kuzeeka na uzee. Lakini ndiyo maana linahesabu miaka tu. Mzee wa mtaa ni mzee, na mlevi mwenye mvi pia ni mzee. Ukitaka kumwita mtu usiyemjua, litumie. Kwa unayemjua weka jina mbele yake, Mzee Fulani, au umwite baba, au ami. Lakini yule alikushika kidole akakipitisha juu ya alifu ukiwa na miaka mitano, na kabla yako alikishika changu. Ukimwita mzee umemlipa kwa umri wake, kazi yake umeiacha.

Mwalimu lilitoka kwa Waarabu, muallim, yaani anayefundisha. Limetoka shina moja na elimu, na mtaalamu pia yumo humo. Waswahili walipolisikia lile "mu" la mwanzo walilichukua kama letu, la mtu na mtoto, kwa hiyo wakiwa wengi tukasema walimu. Mwarabu hasemi hivyo.

Na si chuoni tu. Katika vyombo vya Bahari ya Hindi, muallim alikuwa yule ajuaye nyota na njia, ambaye nahodha mwenyewe humsikiliza. Vasko da Gama alipofika hapa kwetu Aprili 1498 alikuwa hajui njia ya kuvuka kwenda Hindi. Sultani wa Malindi akampa rubani, wakang'oa nanga tarehe 24, na chini ya mwezi mmoja wakawa Kalikati. Wareno walimwandika rubani huyo Malemo Kana. Hilo Malemo ndilo muallim, limepita katika sikio la Mreno. Watalii wanapiga picha ule mnara wa msalaba, na cheo cha aliyewaonyesha njia hawakijui.

Kwa hiyo mwite Mwalimu, basi, bila jina. Jina linatakiwa pale tu unapomzungumza na wengine na walimu ni wengi. Wala hakistaafu cheo hicho. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akawa rais, akaacha urais, na mpaka anafariki 1999 alikuwa Mwalimu.

Bwana nalo liangalie. Wako wanaosema limetokana na abuna, baba yetu kwa Kiarabu. Marafiki husema "Sikiliza bwana" na hakuna neno. Lakini mashamba ya huku nyuma ya mji yalilimwa na watumwa, na bwana alikuwa mwenye mtu. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii mwaka 1907, si zamani sana kwa hesabu ya ukoo. Bibi yangu mimi hakumwita mwanamume yeyote bwana isipokuwa mumewe, na hata huyo alimwita hivyo akiwa amekasirika. Wewe litie mbele ya jina, Bwana Fulani, kwenye barua na mikutano. Usimwite mtu "bwana" kavu kama amekuzidi umri.

La Bi ni fupi, ni bibi iliyokatwa, nalo huenda na jina la mwanamke mwenyewe. Mama yako alipelekewa barua ya ofisi moja imeandikwa Bi na jina langu. Aliigeuza huku na huku, akasema, "Huyu ni nani?" Yeye ni Bi Rukia, binti wa babake, ndoa haikumbadilisha jina. Na ukija na mchumba, usimwambie bibi yako "huyu ndiye bibi yangu" kama wasemavyo huko. Atadhani umempata mwenzake wa rika.

Mwalimu macho yake yamepungua, sasa wanafunzi hujitaja mlangoni. Ijumaa nampelekea halua. Najua ataniuliza wewe uko wapi. Nimwambie umemsalimu vipi?

Babako