Kuweka tiki kwenye YouTube si kumwambia mtazamaji

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya teknolojia ilipoandika kuhusu video za akili mnemba, ilihitimisha kwamba watazamaji wataacha kudanganywa siku ambayo kila mwenye chaneli atakubali kuweka tiki kwenye mipangilio ya YouTube kabla ya kupandisha video yake. Mimi kazi yangu ni kuhariri video za chaneli za watu, nyingi zikiwa za historia na habari, na hicho kisanduku nakijua vizuri. Mmekipa sifa ambazo hakina.

Tuanze na kinachoulizwa. Tangu Machi 2024, ukipandisha video kupitia YouTube Studio na kushuka chini kwenye ukurasa wa `Details`, unakutana na sehemu ya `Altered content`. Pale unaulizwa mambo matatu: kama video inamwonyesha mtu halisi akisema au kufanya jambo ambalo hakulisema wala hakulifanya, kama imebadilisha picha za tukio au mahali halisi, na kama inaonyesha tukio lenye sura ya ukweli ambalo halikutokea. Ukijibu `Yes`, YouTube inaweka lebo. Kwa video nyingi lebo hiyo inakaa ndani ya maelezo, kwa hiyo anayeiona ni yule aliyebonyeza kuyafungua. Mada nyeti kama habari, uchaguzi, afya na fedha ndizo zinazoweza kuwekewa lebo juu ya video yenyewe. Katuni, vichujio vya urembo na marekebisho ya rangi havihusiki, wala huhitaji kusema kwamba akili mnemba ndiyo iliyokuandikia skripti.

Sasa tuchukue mfano wa aina ya kazi ninazoletewa. Mtu anatengeneza video ya dakika tisa kuhusu MV Bukoba, meli iliyopinduka Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Mwaka 1996 abiria hawakuwa na simu za kamera mfukoni, hivyo mwenye chaneli anatengeneza kwa akili mnemba kipande cha meli ikilala ubavu alfajiri, watu wakirukia majini. Ana picha za kweli alizozipata kwenye magazeti ya wakati ule, na amepiga video makaburini Igoma kwa simu yake mwenyewe. Msimulizi ni sauti ya mashine. Microsoft wanazo sauti za Kiswahili cha Tanzania zinazoitwa Rehema na Daudi, na za Kenya zinazoitwa Zuri na Rafiki, na mtu akishazisikia mara kadhaa anazitambua hata akiwa jikoni. Halafu, ili kunogesha, ameweka salamu za rambirambi za Rais Mkapa zilizosomwa na sauti ya Mkapa iliyonakiliwa.

Ukilipitia hili kipande kwa kipande, utaona kisanduku kinapofika na kinapoishia. Meli inayopinduka inahitaji `Yes` bila mjadala. Sauti ya Mkapa vilevile, hata kama maneno yale aliwahi kuyatamka, kwa sababu usomaji ule si wake. Picha za magazeti na video ya Igoma hazina tatizo. Lakini Daudi anayesimulia dakika zote tisa? Yeye si mtu fulani anayejulikana, hajafanywa aseme jambo ambalo hakulisema, wala hajabadilisha picha ya tukio. Hakuna swali hata moja kati ya yale matatu linalomgusa. Chaneli nzima inaweza kuendeshwa na sauti ya mashine na mwenye chaneli akajibu `No` kila siku bila kuvunja sheria. TikTok wamekwenda mbali zaidi hapo, kwa kuwa kanuni yao inataja pia sauti zinazofanana na halisi, na swichi ya `AI-generated content` iko kwenye hatua za kuchapisha.

Mimi sina ugomvi na Daudi kusoma maelezo ya namna ya kupika pilau. Kwenye habari na historia ni jambo jingine, kwa sababu pale msikilizaji anaichukulia sauti kama mtu anayesimama nyuma ya maneno yake. Anadhani kuna mtu aliyekwenda Igoma, akauliza, akapima majibu. Na mashine ikikosea jina la mahali, mathalani ikaivuta Kemondo kwa lafudhi isiyo ya Kiswahili, au ikausoma mwaka kama orodha ya tarakimu, wenyeji wa Kagera ndio wa kwanza kuisikia. Nimeona komenti zikianzia kwenye matamshi na kuishia kuhoji kama video nzima si uzushi, pamoja na mambo yaliyotafutwa kwa jasho. Mstari mmoja wa "Utafiti ni wetu, sauti ya msimulizi ni ya mashine" juu kabisa ya maelezo ungeyakata maneno hayo mapema.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba jibu la `Yes` ni moja kwa video nzima. Lebo inamwambia mtazamaji kuwa sauti au picha zimehaririwa kwa kiasi kikubwa au zimetengenezwa kidijitali. Haimwambii zipi. Kwa hiyo mjukuu wa mtu aliyefia kwenye ile meli akiiona lebo, anaweza kuitilia shaka hata picha ya kweli ya gazeti, na wakati huohuo akaamini kipande cha meli ikipinduka kwa sababu kinafanana na picha zinazokizunguka. Lebo imetimiza wajibu wa mwenye chaneli na bado mtazamaji ameondoka na makosa mawili badala ya moja.

Dawa yake ipo ndani ya YouTube hiyohiyo, na haitumiki inavyostahili. Ukiandika dakika kwenye maelezo, ukianzia 0:00, zikiwa angalau tatu kwa mfuatano na kila sehemu isipungue sekunde 10, YouTube inaigawa video kuwa sura, na jina la kila sura linaonekana kwenye mstari wa kuchezea video. Watu wanazitumia sura hizi kurahisisha kutafuta. Mimi nazitumia kutangaza:

```
0:00 Utangulizi
1:05 Picha za magazeti ya 1996
2:40 Meli kupinduka (picha za kutengenezwa)
4:10 Rambirambi (sauti ya kuigizwa)
5:00 Makaburi ya Igoma (video yetu)
```

Kwa hiyo anayefika dakika ya 2:40 anasoma palepale kwamba anachokitazama kimetengenezwa, bila kufungua maelezo. Na anayefika dakika ya tano anajua kwamba Igoma ni Igoma. Ukiniuliza, hiyo sura ya mwisho ina kazi kuliko ile ya tatu: kutaja kilicho cha kweli kunakilinda, na kisanduku cha `Altered content` hakina nafasi ya kufanya hivyo.

Hata hivyo sura nazo hazivuki mlango wa YouTube. Kipande cha meli ikipinduka ndicho kitakachokatwa na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na kikifika huko hakina maelezo, hakina sura, hakina lebo. Kinachobaki ni kile tu kilichoandikwa ndani ya picha yenyewe. Hapa wengi hukosea mahali pa kuandika. Wanaweka "Picha ya kutengenezwa" kwenye kona ya chini kwa sekunde tatu za mwanzo. Video ya mlalo ya 16:9 ikikatwa kuwa ya wima ya 9:16 ili ienee kwenye simu, kinachobaki ni kama theluthi moja ya upana, na kwa kawaida ni ile ya katikati. Kona zote zinakwenda. Maneno yawekwe ndani ya theluthi hiyo ya katikati, yakae tangu kipande kinapoanza hadi kinapokwisha. Yanaharibu urembo kidogo, nakubali, na wateja wangu hulalamika.

Kwa sauti ya Mkapa hakuna maneno ya kwenye skrini yatakayosaidia, maana sauti hutolewa ikasambazwa peke yake. Ushauri wangu kwa mteja wa namna hiyo huwa mfupi: iondoe. Msimulizi aseme "Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu," basi. Video haipungukiwi na kitu.

Hofu ninayoisikia kwa wenye chaneli ni kwamba wakisema `Yes` video haitasambazwa au haitalipwa. YouTube wenyewe wanasema kutangaza hakupunguzi watazamaji wala haki ya kulipwa, na kwamba anayekwepa kutangaza mara kwa mara anaweza kuondolewa video au kutolewa kwenye mpango wa kulipwa, au wao wenyewe wakaibandika lebo ambayo yeye hawezi kuiondoa. Wengi wanachanganya jambo hili na sera ya Julai 2025 kuhusu video zinazozalishwa kwa wingi bila ubunifu. Hiyo inaweza kweli kukunyima malipo, lakini inaangalia mwenendo wa chaneli, na kuweka `No` hakukuokoi nayo.

Wapo pia wanaosema basi tubandike lebo kila mahali. Meta walilijaribu hilo. Mwaka 2024 walipoanza kubandika "Made with AI" kwenye Instagram na Facebook, wapiga picha wakakuta picha zao halisi zimewekewa lebo hiyo kwa sababu tu walifuta doa dogo kwa programu ya kuhariri. Kufikia Julai mwaka huohuo maneno yakabadilishwa kuwa "AI info". Lebo inayoangukia picha ya kweli inampa kila mwenye kukamatwa kwenye kamera nafasi ya kusema "hiyo ni akili mnemba." Gabon walionja jambo la jinsi hiyo mapema: hotuba ya video ya mwaka mpya ya Rais Ali Bongo, aliyekuwa mgonjwa, ilishukiwa kuwa ya kughushi, na tarehe 7 Januari 2019 wanajeshi wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa. Sisemi video ndiyo iliyowatuma, lakini shaka ile ilikuwa imeshasambaa.

Gazeti lenu lina chaneli yake na linapandisha video za kumbukumbu kila tukio la zamani linapotimiza mwaka. Naomba msiishie kwenye kisanduku. Kila video iwe na sura zinazotaja kilichotoka kwenye maktaba yenu na kilichotengenezwa, na mstari wa kwanza wa maelezo umtaje msimulizi kwa jina lake, au useme wazi kuwa ni mashine. Na mkipokea kipande kutoka nje, mwombeni aliyekituma faili la awali kabla hamjajibu yale maswali matatu, kwa sababu jibu mtakaloweka litahesabiwa kuwa lenu.

Mhariri wa video wa kujitegemea,
Mwanza